Mgongo unasema 7S26, mashine inasema nini? Kujua Seiko 5 feki kabla hujalipa

"Fundi, habari ya Kisumu. Nimeona Seiko 5 ya mitumba pale soko la Kibuye, jamaa anataka 4,500. Nyuma kumeandikwa kila kitu, ni nzito, na mshale wa sekunde unateleza vizuri haurukiruki. Si hiyo ni orijino? Ama nitajuaje?"

Bado hujajua, ndugu yangu. Hivyo vitu vitatu vyote siku hizi vinatengenezwa na watu wa feki bila shida. Maandishi ya mgongoni yachukulie kama madai tu, ni kama mtu amekuambia jina lake mlangoni, sasa unataka kitambulisho. Na kitambulisho cha saa ni mashine yake: mgongo ukisema hii ni mashine fulani, basi mashine ifanye yale ambayo mashine hiyo inafanya na isifanye yale ambayo haiwezi kufanya. Hapo kwa "haiwezi" ndipo feki nyingi zinashikwa, na hauhitaji kufungua saa.

Wacha nikuonyeshe na kisa cha mwaka jana. Mwalimu mmoja wa Luanda kule Vihiga alinipigia simu siku ya Jumapili, soko limejaa, akaniambia fundi kuja uniangalilie saa mbili za vijana wangu, nikaenda. Zilikuwa Seiko 5 mbili za umbo moja, moja uso mweusi na moja uso wa bluu, mkanda wa kitambaa, mgongo wa kioo unaona ndani. Zote mbili zimeandikwa 7S26-02J0. Hiyo namba inasomwa hivi: 7S26 ni aina ya mashine, Seiko walianza kuitumia 1996 na ikaingia kwenye Seiko 5 nyingi sana, halafu 02J0 ni umbo la nyumba ya saa. Kando yake kuna namba ya pili ya herufi sita, ndiyo namba ya saa yenyewe. Ya mwanzo ni mwaka, ya pili ni mwezi, 1 mpaka 9 ni Januari mpaka Septemba, halafu O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Kwa hivyo saa ikianza na 3N imetoka Novemba ya mwaka unaoishia na 3, inaweza kuwa 2003 ama 2013, namba haikuambii ni muongo gani. Ukikuta hapo pa mwezi pameandikwa herufi kama K ama B, rudisha saa mezani.

Ile nyeusi ilikuwa 3N4187. Nikageuza ya bluu, 3N4187. Sawasawa kabisa, herufi kwa herufi. Namba zinaweza kujirudia baada ya miaka kumi, lakini saa mbili za umbo moja, namba moja, meza moja? Hapo nikajua angalau moja inadanganya, lakini gani? Namba haiwezi kukuambia, juu mwenye kunakili ananakili kutoka kwa ya kweli.

Nikaanza na kile kifundo cha pembeni. Sikukivuta, nilikiacha ndani nikakizungusha kwenda mbele. Sasa sikiza, 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono. Haina kabisa hiyo gea, inajijaza kwa kutembea na mkono wako tu. Kwa hivyo ukizungusha kifundo kikiwa ndani kinazunguka laini bure, hakuna kitu. Nyeusi ikafanya tiki tiki tiki kwa vidole, ukisikia kabisa springi inakazwa. Yaani mgongo unasema 7S26 na mashine inatiwa ufunguo, hizo mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Ziko Seiko za kweli zinazotiwa ufunguo, mfano zile zenye mashine ya 4R36 ambazo zimejaa tangu Seiko 5 Sports irudi na sura mpya 2019, lakini hizo mgongoni zinasema 4R36, na ukivuta kifundo mpaka mwisho mshale wa sekunde unasimama. Kwa 7S26 hausimami, unaendelea kutembea tu ukiwa unapanga saa, na watu wengi wanafikiri hiyo ni ugonjwa kumbe ndivyo ilivyoundwa.

Halafu sauti. Hapa watu wanadanganyika sana kwa sababu wameambiwa feki inapiga tik, tik, kila sekunde moja na ya kweli inateleza. Hiyo inatenganisha tu saa ya betri na saa ya mashine, na siku hizi kuna hata mashine za betri zinazopiga mara nne kwa sekunde, mshale unaonekana unateleza. Chukua simu, weka video ya polepole, piga mshale wa sekunde ukitoka alama moja ya sekunde kwenda inayofuata, kisha hesabu miruko. 7S26 inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani miruko 6 kila sekunde. Ukipata 1 ama 4 hiyo ni betri, maneno yameisha. Lakini ukipata 6 usishangilie bado, juu ile nyeusi nayo ilinipa 6! Mashine za bei rahisi kutoka Uchina zilizoigwa kwa Miyota za Japani zinapiga 6 vilevile, na ndizo zinawekwa kwenye feki nyingi za mashine.

Kinachozitenganisha ni ile nusu duara ya chuma inayozunguka nyuma, rota. Kwa 7S26 rota inajaza springi ikienda kulia na ikienda kushoto pia, kwa hivyo kila upande ina kazi ya kufanya, ukiizungusha polepole karibu na sikio sauti ni nzito kidogo na inafanana pande zote mbili. Hizi za kuigwa zinajaza upande mmoja tu, upande wa pili rota inakimbia bure haina mzigo, na inatoa sauti kama feni ndogo, wiiii, hata unaisikia kwenye ngozi ya mkono saa ikitetemeka. Nilimpa mwalimu asikize mwenyewe. Akaweka nyeusi sikioni akageuza mkono, akanitazama, akasema "fundi hii inapiga mluzi." Soko lote lilikuwa linapiga kelele na bado aliisikia.

Sasa ya bluu. Kifundo bure, sekunde haikusimama, miruko 6, rota haikupiga mluzi. Kwa kioo cha nyuma rota imeandikwa 7S26C, na hiyo herufi ya mwisho inaweza kuwa A, B ama C, zote ni sawa. Nikavuta kifundo hatua ya kwanza, upande mmoja kinabadilisha tarehe na upande mwingine siku, na siku zikaja kwa lugha mbili zikipokezana, Kiingereza na Kihispania, vile inatakikana. (Ukifanya hii, kwanza sogeza mishale mpaka saa kumi na mbili na nusu, juu kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri gea za tarehe zinakuwa zimeshikana na unaweza kuzikata meno, ukaharibu saa ya mtu.) Mashine ilikuwa ya kweli, sina shaka.

Lakini namba ilikuwa bado ile ile ya nyeusi, sivyo? Hapo ndipo nilirudi kwa michoro na nikaipa muda. Usisome maandishi ukiyatazama moja kwa moja, inamisha saa kwa mwanga wa jua mpaka kivuli kiingie ndani ya herufi. Herufi za Seiko zina kina kimoja kote na kingo zake ni safi, ndani ya mstari wa herufi pako laini. Ya bluu herufi zilikuwa kama zimechomwa juujuu, ndani zina vidoti vidoti, na mstari wa 7 ulianza mnene ukaisha mwembamba. Usichanganye na kuchakaa, saa iliyovaliwa miaka kumi jasho na mkono vinalainisha herufi, ila kuchakaa kunakula zaidi sehemu inayogusa ngozi, hakuchagui herufi moja na kuacha jirani yake.

Nikatoa mkanda upande mmoja nikaangalia pale pini inaingia, sehemu ambayo hakuna mtu anaitazama. Rangi ya njano chini ya fedha. Yaani ni shaba ya njano iliyopakwa weupe kwa juu tu, wakati mgongo umeandikwa ni chuma kisichoshika kutu.

Na hapo ndipo hadithi ya uzito inaishia. Watu wanapima saa mkononi wanasema "hii ni nzito, hii ni orijino", lakini kipande cha chuma cha saa cha ukubwa wa sentimita moja kila upande kina karibu gramu 8, cha shaba kinapita hapo kidogo. Nyumba ya shaba haiwezi kuwa nyepesi kuliko ya chuma! Wepesi ndio unaweza kukuambia kitu: nyumba ya zinki ni kama gramu 7, na feki ya betri ndani imejazwa pete ya plastiki inayoshikilia mashine ndogo, kwa hivyo saa kubwa inakuwa nyepesi na ukiigonga na kucha inalia tupu. Hata hapo angalia kama mgongo unasema titani, titani ya kweli ni nyepesi sana na ni halali. Na tafadhali usipime na sumaku vile wengine wanashauri, springi ndogo ya ndani ikishika sumaku saa inaanza kukimbia mbele hata dakika kadhaa kwa siku.

Kwa hivyo ya bluu ilikuwa mashine ya kweli imetolewa kwa saa nyingine ikawekwa kwenye nyumba ya feki. Hii iko mingi, na ndugu yake wa karibu ni Seiko 5 za zamani, zile za mashine ya 6309 ama 7009, zimepakwa uso upya rangi kali za chungwa na kijani. Hizo mashine ni za kweli za miaka ya 70 na 80, lakini uso ni mpya. Utajua kwa maandishi ya usoni kuwa manene na yamepinda kidogo, na mishale kung'aa kama ya jana wakati tarehe ndani ya dirisha imegeuka manjano.

Mwenye meza hakukasirika, alisema naye alizinunua kwa marobota hivyo hivyo. Nyeusi tuliiacha. Ya bluu mwalimu aliichukua kwa 1,800, ambayo naona ni bei ya haki ya mashine ile pamoja na mkanda, na nikamwambia kijana asiingie nayo ziwani pale Dunga hata kama mgongo umeandikwa inazuia maji, kwa sababu hayo maandishi ni ya nyumba, na nyumba si ya Seiko.