B12 ya 214: jibu lisilosema ndiyo wala hapana

Karatasi ya maabara ikirudi na B12 ya seramu ya 214 pmol/L, mara nyingi haina alama yoyote ya tahadhari, na wengi huiweka pembeni. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuuliza maswali, hasa kama mwenye karatasi ametumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, au hagusi kabisa vyakula vya wanyama, yaani nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa watu wa makundi haya mawili, namba hiyo haijaniambia wako salama. Imeniambia tu kwamba kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Tuanze na mipaka. Chini ya 148 pmol/L (maabara nyingine huandika 200 pg/mL, ni kitu kilekile) upungufu unakubalika bila ubishi mwingi. Kati ya 148 na 221 ni eneo la mashaka. Mwongozo wa NICE wa Uingereza uliotoka Machi 2024 umelipanua eneo hilo: unahesabu mashaka kuanzia 133 hadi 258 pmol/L. Ukiona maabara mbili zinatofautiana kuhusu nani ana upungufu, usishangae. Vipimo vyenyewe vinatofautiana kutoka mashine hadi mashine, na hakuna mstari mmoja unaowatenga wagonjwa na wazima.

Tatizo kubwa zaidi liko katika kile kinachopimwa. B12 iliyomo kwenye damu imebebwa na protini mbili. Sehemu kubwa, kiasi cha asilimia 80, imeshikwa na haptokorini, na hiyo seli nyingi za mwili haziwezi kuipokea. Ni ile iliyobebwa na transkobalamini tu, sehemu ndogo iliyobaki, inayoingia kwenye seli na kufanya kazi. Kipimo cha kawaida huzijumlisha zote. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na jumla inayopendeza huku sehemu inayofaa ikiwa imepungua, na mwingine akawa na jumla ndogo kwa sababu tu haptokorini yake ni kidogo, kama inavyotokea kwenye ujauzito. Ugonjwa wa ini nao unaweza kuipandisha jumla bila seli kupata chochote zaidi.

Makundi yetu mawili hufika kwenye namba hiyo kwa njia tofauti. Asiyekula vyakula vya wanyama ana utumbo mzima, ila hakuna kinachoingia. Ini lake lina akiba ya miligramu chache, mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4 tu, na ndiyo maana hupita miaka kabla mambo hayajaonekana. Mwenye metformini anakula vizuri, lakini dawa hupunguza ufyonzaji sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hatari huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyosonga. Ila kuna jambo la kukumbuka: metformini inaweza kuishusha B12 ya seramu bila seli kuonyesha dalili yoyote ya njaa. Si kila aliyeshuka ana upungufu wa kweli, na hapo ndipo asidi ya methilimaloni, MMA kwenye fomu ya maabara, inapopata kazi.

MMA haipimi vitamini. Inapima kile kinachorundikana vitamini ikikosekana. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachobadilisha methilimaloni kuwa kitu cha kuchomwa kwa ajili ya nguvu, na hakiwezi kufanya kazi bila B12. Ikikosekana, methilimaloni hujaa kama maji nyuma ya mfereji ulioziba, na ziada humwagikia kwenye damu. Maabara nyingi huweka kikomo cha kawaida karibu na 0.27 au 0.28 µmol/L. Mimi ninapoona zaidi ya 0.40 kwa mtu mwenye figo nzima huamini kwamba seli zinakosa B12. Kati ya hapo ninahitaji ushahidi mwingine. MMA ikiwa chini ya kikomo huku B12 ikiwa 214, na mgonjwa hana dalili za neva, naweza kutulia na kupima tena baadaye.

Neno la kuangaliwa hapo ni "figo nzima". MMA hutolewa na figo. Figo zikichoka, MMA hupanda hata kama B12 ni tele. Na ni nani hasa ametumia metformini kwa miaka kumi na zaidi? Ni mtu mwenye kisukari cha siku nyingi, ambaye figo zake mara nyingi nazo zimeanza kuguswa. Kipimo kinachotakiwa kutuondolea mashaka kinakuwa na mashaka yake chenyewe, tena kwa mgonjwa yuleyule anayekihitaji zaidi. Homosisteini, kitu kingine kinachorundikana B12 ikikosekana, haitusaidii sana kutoka hapo, kwa sababu nayo hupanda figo zikishuka, na hupanda pia folati ikipungua. Isitoshe, sampuli yake ni ya haraka: ikikaa mezani bila kuwekwa kwenye barafu na kutenganishwa mapema, seli nyekundu huendelea kuitoa na jibu hupanda kwa uongo. MMA haina kero hiyo ya sampuli.

Tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 61 anatumia metformini gramu 2 kwa siku kwa miaka 11. Sukari yake imedhibitiwa vizuri, HbA1c ni asilimia 6.8. Amekuja kwa ganzi ya nyayo iliyoanza miezi minane iliyopita, na ameshaambiwa ni kisukari. Anataja kitu kingine kama cha pembeni: akifumba macho kunawa uso, lazima ashike ukingo wa sinki, la sivyo anayumba.

Hapo naacha karatasi na kuvua soksi zake. Uma wa kupimia mtetemo wa 128 Hz hausikii kwenye vidole vya miguu wala kwenye vifundo. Nikikisogeza kidole gumba chake juu au chini akiwa amefumba macho, anakosea mwelekeo mara kadhaa. Nikigonga kano nyuma ya kifundo mguu hauruki, jambo ambalo kisukari kinaweza kulifanya. Lakini magoti yanaruka kupita kawaida, na hilo kisukari cha neva za miguu hakilielezi. Magoti yanayoruka hivyo, pamoja na kupotea kwa hisia ya mkao, yananielekeza kwenye uti wa mgongo, na B12 ni mmoja wa washukiwa wa kwanza.

Vipimo: B12 ni 214 pmol/L. Hemoglobini 13.1, MCV 89, yaani seli nyekundu zina ukubwa wa kawaida kabisa. Hapa wengi huishia, wakidhani bila upungufu wa damu na bila seli kubwa hakuna upungufu wa B12. Sivyo. Neva zinaweza kuumia huku damu ikiwa safi, na folati ya kutosha kwenye chakula huiweka damu katika sura nzuri wakati neva zinaendelea kuharibika. (Kwa walaji wa mboga tupu jambo hili lina uzito zaidi, maana folati ndiyo wanayoipata kwa wingi.) eGFR yake, yaani makadirio ya kazi ya figo, ni 54. MMA imerudi 0.52.

Je, ni B12 au ni figo? Kwa eGFR ya 54, kupanda kidogo ningekutarajia. Lakini 0.52 ni karibu mara mbili ya kikomo, na magoti yale hayatokani na figo. Huyu sikusubiri majibu ya MMA kabla ya kumtibu. Damu ya MMA ilitolewa kwanza, na sindano ya hidroksokobalamini miligramu 1 ikafuata siku hiyohiyo, kisha nyingine siku moja baada ya nyingine. Mwenye dalili za neva hawekwi foleni ya maabara, kwa sababu uharibifu ukichelewa kutibiwa huenda usirudi.

Kisha unarudia MMA baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na kreatinini siku ileile. Kwake ilishuka hadi 0.30, na figo zilikuwa palepale. Kama zile 0.52 zingekuwa kazi ya figo peke yake, nisingetegemea sindano zizishushe kiasi hicho. Kilichobaki juu ya kikomo nakihesabu kuwa ni sehemu ya figo, na sikifukuzi kwa sindano zaidi. Metformini anaendelea nayo, ila B12 ataipata kwa kudumu. Mengine yote ya kutafutwa kwenye uti wa mgongo uliosinyaa au kubanwa yalitafutwa pia. MMA ya juu haimwondolei daktari jukumu hilo.

Kwa asiyekula vya wanyama hesabu ni nyepesi zaidi, na mtego wake ni mwingine. Mara nyingi amesoma, ameogopa, akaanza vidonge wiki mbili kabla ya kuja kupimwa. B12 yake inasoma 400 na MMA imeshashuka. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa siku hiyo, lakini hayasemi lolote kuhusu hali ya mwezi uliopita, wakati ganzi ilipoanza. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwake ni vidonge gani, dozi gani, tangu lini. Na mwani wa vidonge siuhesabu kuwa chanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya B12 yake ni aina ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitumia. Akiwa na dalili na historia inayoeleweka, namtibu hata kama karatasi inapendeza. Kwa kuwa utumbo wake unafyonza, vidonge kwa kawaida humtosha pale ambapo neva hazijaguswa. Kama ametumia dozi ya kutosha kwa miezi na MMA bado iko juu, basi chakula si sababu pekee, na hapo naomba kingamwili dhidi ya intrinsic factor, protini ya tumbo inayowezesha B12 kufyonzwa. Mtu anaweza kuacha nyama na bado akawa na ugonjwa wa tumbo usiohusiana kabisa na uamuzi wake.

Jambo moja la kiutendaji kwa makundi yote mawili: sindano zikishaanza, sioni sababu ya kuomba tena B12 ya seramu. Itasoma juu mno, pengine juu ya uwezo wa mashine, na haitaniambia kama neva zinapona. Kwa hilo narudi kwenye uma wa 128 Hz na vidole vya miguu, kwa miezi kadhaa, na nikihitaji namba naomba MMA pamoja na kreatinini.