Kadi Moja Yenye Debiti na Krediti: Mashine ya Malipo Huchaguaje?

Mteja mwenye kadi inayobeba debiti na krediti ananunua saruji na misumari ya shilingi 85,000 katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Dodoma. Anaingiza namba ya siri, muamala unapita, na jioni anagundua kwamba akiba yake haikuguswa, bali deni lake la mkopo ndilo lililopanda. Lawama humwangukia muuzaji, na kwa maoni yangu si haki, kwa kuwa uchaguzi huo mara nyingi hufanywa kati ya chipu na mashine pasipo yeye kuulizwa.

Ndani ya chipu mna programu mbili zinazojitegemea, kila moja na namba yake ya utambulisho. Tuseme krediti ni `A0000000041010` na debiti ni `A0000000043060`. Kadi ikichomekwa, mashine husoma orodha ya chipu iitwayo `1PAY.SYS.DDF01`; kama orodha hiyo haipo, mashine huita namba inazozijua, moja baada ya nyingine, na kuona ipi inaitikiwa. Hubaki zile tu ambazo kadi na mashine zinazo kwa pamoja. Kwa hiyo, ikiwa mashine haikupakiwa namba ya debiti, krediti hubaki peke yake na mteja huenda asiulizwe lolote.

Zikibaki zote mbili, mashine yenye uwezo wa kuuliza huonyesha majina yake kwenye kioo ili mwenye kadi achague. Isiyo na uwezo huo hufuata kipaumbele ambacho benki iliyotoa kadi imekiandika kwenye chipu, ambapo 1 hutangulia 2. Katika hatua hii mashine haitazami salio. Akiba iwe nyingi kiasi gani, krediti yenye 1 ndiyo itakayotumika. Benki inaweza pia kuweka alama kwamba programu fulani isitumike bila mwenye kadi kuridhia, na hapo mashine isiyoweza kuuliza huiruka.

Kadi ikigusishwa badala ya kuchomekwa, mashine husoma orodha nyingine, `2PAY.SYS.DDF01`, na kwa kawaida huchukua programu yenye kipaumbele cha juu bila kuuliza. Ndiyo maana kadi ileile, katika duka lilelile, inaweza kukata debiti ilipochomekwa na krediti ilipogusishwa.

Risiti nyingi huonyesha namba ya programu iliyotumika pamoja na jina lake. Someni vyote viwili, kwa sababu `A0000000041010` hutumika kwa debiti kwenye baadhi ya kadi na kwa krediti kwenye nyingine. Ikiwa debiti haijitokezi katika duka moja tu, benki yenye mashine hiyo ndiyo ya kuulizwa. Ikiwa krediti hutangulia kila mahali pasipo na swali, ombi la kubadilisha kipaumbele lipelekwe kwa benki iliyotoa kadi.