Nani yuko nyuma ya kampuni inayomilikiwa na mfuko wa uwekezaji?

Ukichukua rejista ya wanahisa ya kampuni ya Uganda kutoka URSB, msajili wa makampuni wa nchi hiyo, na kukuta asilimia 70 ya hisa ziko kwa kampuni ya Morisi yenye anwani Ebene, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa kawaida kampuni hiyo ya Morisi haina ofisi yake wala wafanyakazi. Wakurugenzi wake ni watumishi wa kampuni ya usimamizi iliyoajiriwa kutunza vitabu, na majina yao utayakuta kwenye bodi za makampuni mengine mengi yasiyohusiana. Hao si wenye mali. Mwenye mali ni mfuko, na mfuko nao ni ubia wa watu wa aina mbili: mbia mkuu anayeamua, na wabia wenye dhima yenye kikomo wanaotoa karibu fedha zote na kukaa kimya.

Hapo ndipo maafisa wengi wa benki na mawakili hukwama. Tangu sheria ya makampuni ifanyiwe marekebisho mwaka 2022 na kanuni zake zitoke mwaka 2023, kila kampuni inatakiwa kutunza rejista ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi ambao mwishowe ndio wenye kampuni au wanaoitawala, na kuiwasilisha URSB. Fomu zinazohusu mifuko hurudi zikiwa na sentensi ileile: hakuna mtu binafsi anayefikisha kiwango cha umiliki cha kuandikwa, kwa hiyo anaandikwa mkurugenzi mtendaji wa Kampala. Mara nyingi jibu hilo si sahihi. Ngazi zipo mbili, ya fedha na ya maamuzi, na aliyejaza fomu amepanda moja tu, tena nusu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha maziwa karibu na Mbarara kina wanahisa wawili: mwanzilishi mwenye asilimia 30 na kampuni ya Morisi yenye 70. Kampuni ya Morisi ina wanahisa wawili pia: mfuko wenye 80, na kampuni ya uwekezaji sambamba yenye 20. Ndani ya mfuko, taasisi ya maendeleo ya serikali moja ya Ulaya imeahidi asilimia 30 ya mtaji, mfuko wa pensheni 25, amana ya familia moja, yaani mali iliyowekwa mikononi mwa wadhamini kwa faida ya wengine, 18, kampuni ya bima 15, mfuko mdogo wa kukusanyia wawekezaji 10, na mbia mkuu 2. Kiwango changu cha kufanyia kazi ni asilimia 10.

Ngazi ya fedha hupandwa kwa kuzidisha. Sehemu ya mfuko katika kiwanda ni 70 × 80, yaani asilimia 56. Sehemu ya kila mbia ni asilimia yake ya hiyo 56: taasisi ya maendeleo inapata 16.8, pensheni 14, amana ya familia 10.08, bima 8.4, mfuko wa kukusanyia 5.6, mbia mkuu 1.12. Taasisi ya maendeleo ni mali ya serikali na pensheni ni ya maelfu ya wanachama, kwa hiyo huko hutapata mtu binafsi. Unaandika taasisi yenyewe, msimamizi wake na ushahidi, kisha unaendelea. Inayobaki ni amana ya familia, iliyovuka kiwango kwa nukta chache tu. Asilimia iliyokaa kwenye ukingo namna hiyo huniambia nirudi kuhakiki tarakimu nilizoanza nazo.

Na tarakimu zenyewe mara nyingi si zile za kutumia. Asilimia 18 ni ya ahadi ya mtaji, kama ilivyo kwenye jedwali la mkataba wa ubia. Lakini mikataba hii humruhusu mbia kujitoa katika uwekezaji mmoja ikiwa masharti yake yanamkataza nchi fulani au sekta fulani. Ruhusa hiyo huwekwa kwenye barua ya makubaliano ya kando kati yake na mbia mkuu, haipo kwenye mkataba wenyewe. Tuseme ule mfuko wa pensheni ulijitoa katika kiwanda cha maziwa. Fedha zilizonunua hisa zimetoka kwa asilimia 75 iliyobaki, na sehemu ya familia katika uwekezaji huu ni 18 kwa 75, yaani asilimia 24. Zidisha kwa 56 upate 13.44. Kwa hiyo usiridhike na jedwali la ahadi. Omba notisi ya kuitisha mtaji iliyolipia ununuzi huu, pamoja na mgawanyo wake kwa kila mbia. Msimamizi wa hesabu za mfuko anayo karatasi hiyo, maana ndiyo aliyotumia kudai fedha.

Kisha geukia ile kampuni ya uwekezaji sambamba, ambayo wachunguzi huiruka kwa sababu ina asilimia 20 tu. Makampuni haya huundwa ili mbia mwenye uwezo aweke fedha zaidi katika biashara moja anayoipenda, nje ya mfuko, na kwa kawaida bila kulipa ada kamili. Wanahisa wake basi huwa ni baadhi ya wabia walewale. Katika mfano wetu nusu yake ni ya familia ileile. 70 × 20 ni 14, nusu yake ni 7. Jumlisha njia zote mbili: 13.44 na 7 ni 20.44. Familia iliyoonekana kugusa kiwango kumbe ina moja ya tano ya kiwanda. Kosa la kukokotoa kila njia peke yake na kusahau kujumlisha ndilo ninalolikuta zaidi ya mengine yote. Na angalia: anayetumia kiwango cha asilimia 25, ambacho ndicho kikomo cha juu katika viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, hataiona familia hii hata akikokotoa bila kosa.

Amana yenyewe haigawanyiki kwa asilimia. Unaandika aliyeianzisha, wadhamini, mlinzi anayewachunga wadhamini kama yupo, na wanufaika. Ukiambiwa wanufaika ni "wazao wa fulani", uliza nani ana uwezo wa kuwabadilisha wadhamini. Huyo ndiye mwenye usukani, hata kama hapokei shilingi.

Sasa ngazi ya maamuzi. Hapa kuzidisha ni kosa. Mbia mkuu, hata baada ya pensheni kujitoa, ana kama asilimia 1.5 tu ya fedha za kiwanda, lakini ndiye anayepiga kura za mfuko wote. Mfuko una 80 ya kampuni ya Morisi, kwa hiyo anaitawala. Kampuni ya Morisi ina 70 ya kiwanda, kwa hiyo anakitawala nacho. Penye wingi wa kura kila hatua, utawala haupungui njiani jinsi fedha zinavyopungua. Wabia wengine, hata huyo mwenye 30, kwa desturi ya sheria za ubia hupoteza kinga ya dhima yao wakiingilia uendeshaji, na ndiyo maana wanakaa pembeni.

Mbia mkuu naye huwa ni kampuni. Tuseme ina wenye hisa watatu, 45, 35 na 20. Hakuna mwenye zaidi ya nusu, kwa hiyo rejista peke yake haikupi jibu. Soma mkataba wa wanahisa na kanuni za kamati ya uwekezaji: wajumbe wangapi, nani anawateua, uamuzi hupita kwa kura ngapi, nani ana turufu. Ikiwa kamati ina watu watano na mwenye 45 anateua watatu, umempata. Ikiwa maamuzi yanahitaji wote watatu kukubaliana, waandike wote watatu. Angalia pia kifungu cha watu muhimu: mkataba hutaja kwa majina wale ambao wakiondoka mfuko husimamisha uwekezaji mpya. Wabia wenye fedha hawaweki jina la mtu asiye na uzito mahali hapo.

Kabla ya kufunga ngazi hii, uliza nani anaweza kumwondoa mbia mkuu, na kwa asilimia ngapi ya ahadi. Kwa kosa lililothibitishwa, wingi wa kawaida mara nyingi unatosha. Bila kosa, mikataba mingi hutaka wingi mkubwa, kama robo tatu. Mbia mmoja akiwa na ahadi za kutosha kumwondoa mbia mkuu peke yake, mfuko huo ni mkoba wake, hata ukiitwa mfuko wa wengi. Na ikitokea kweli hakuna mtu kwenye ngazi zote mbili, afisa mwandamizi wa kuandikwa atoke kwa mbia mkuu au kampuni ya usimamizi. Mkurugenzi wa Kampala huajiriwa na hufukuzwa na hao.

Nyaraka hizi unazipata wapi? Nyingi ni za siri, na njia ya uhakika ni kuziomba kwa mteja mwenyewe, ukitaja kila moja kwa jina. Barua ya msimamizi inayosema "tumewahakiki wawekezaji wote" haitoshi; angalau ieleze ni kiwango gani kilitumika na kama uwekezaji sambamba ulijumlishwa. Kwa upande wa wazi, taasisi za maendeleo kama IFC, BII, FMO na Norfund hutangaza mifuko zilikoweka fedha. Tume ya ushindani ya COMESA huchapisha maamuzi yake kuhusu ununuzi wa makampuni, na humo hueleza mnunuzi ni nani na anatawaliwa na nani. Kama meneja amesajiliwa Marekani, fomu yake iitwayo Form ADV inapatikana bure: Schedule A na B zinataja wamiliki wa meneja, na Section 7.B.(1) inataja kila mfuko na mbia mkuu wake. Iko pia mifuko isiyokusumbua kabisa. Yield Uganda Investment Fund, ulioanza 2017 chini ya Pearl Capital Partners, ulitangaza tangu mwanzo kwamba fedha zake ni za Umoja wa Ulaya kupitia IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, na za NSSF yetu, mfuko wa hifadhi ya jamii.

La mwisho ni tarehe. Mfuko wa namna hii huwekewa takriban miaka 10, na katika muda huo mbia anaweza kuuza nafasi yake kwa mwingine bila hisa hata moja kuhama Uganda wala Morisi. URSB itaonyesha mstari uleule mwaka hadi mwaka wakati wenye fedha wamebadilika. Hata meneja akimaliza muda na kukihamishia kiwanda kwenye mfuko wake mpya, huenda kampuni ya Morisi ikabaki ileile na kilichobadilika kikawa juu yake. Kwa hiyo kwenye mchoro wangu kila mstari hubeba asilimia, nyaraka iliyonipa asilimia hiyo, na tarehe ya nyaraka. Swali la kwanza la mapitio ya mwaka unaofuata huwa ni moja: tangu tarehe hizi, nani ameuza nafasi yake, na nani amejitoa?