Kukata nyuzi za nje kwa kisu kimoja: kwa nini mipito haigawanywi sawasawa

Tuchukue bolti moja tu, M16 yenye pichi ya mm 2, chuma laini cha kawaida, na tubaki nayo mpaka mwisho. Dhana zote nne zilizo hapa chini zinaweza kuiharibu.

Dhana: Chukua kina cha uzi, gawanya kwa idadi ya mipito, anza kukata.

Hii ndiyo inayovunja ncha nyingi kuliko zote. Kina cha uzi wa nje wa kimetriki ni pichi mara 0.6134, kwa hiyo kwa bolti yetu ni mm 1.227. Hicho ni kina cha upande mmoja. Kama gurudumu la kerezo lako linasoma kipenyo, zidisha kwa mbili. Fundi anaona mipito sita ya mm 0.2 inamfikisha karibu kabisa, akaimalizia tu. Miwili ya kwanza inapita kimya, laini kama siagi, mpaka anajilaumu kwa woga. Wa nne kazi inaanza kunguruma. Wa tano mashavu ya uzi yanatoka na mikwaruzo. Wa sita ncha inabaki ndani ya mfereji.

Ukweli ni kwamba kisu hakikumbani na kina, kinakumbana na eneo la chuma kinachoondolewa. Ncha ni pembetatu yenye pembe ya digrii 60, na kadiri inavyozama ndivyo makali yake yote mawili yanavyokata kwa urefu zaidi. Eneo la mfereji hukua kwa mraba wa kina: kina kikiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne. Katika mipito sita iliyo sawa, chuma kinachoondolewa kinakwenda kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7, 9, 11. Mpito wa kwanza unatoa kama mm² 0.023, wa sita unatoa kama 0.254. Hatua kwenye gurudumu ni ileile, lakini mzigo umekuwa mara kumi na moja.

Kwa hiyo kinachogawanywa sawa ni eneo, na kina kinafuata kipeuo cha pili cha namba ya mpito:

```
kina(n) = kina_kamili × √(n / N)
```

N ni idadi ya mipito yote. Kwa mipito minane, bolti yetu inasimama kwenye 0.434, 0.613, 0.751, 0.868, 0.970, 1.063, 1.148, kisha 1.227. Angalia hatua zenyewe: ya kwanza ni mm 0.434, ya pili 0.180 tu, ya mwisho 0.079.

Dhana: Kanuni ya kipeuo cha pili ifuatwe ilivyo, kuanzia mpito wa kwanza.

Hapa wanaojua hesabu ndio wanaoteleza. Ile 0.434 ya kwanza inatoka kwenye pembetatu yenye ncha kali kama sindano, ambayo ikigusa chuma haitoi karibu chochote. Kisu halisi kina ncha iliyoviringwa au kubanwa kidogo, kwa hiyo tangu kinapogusa kinakata mfereji wenye upana. Mpito wa kwanza wote unabebwa na ncha peke yake, sehemu nyembamba kuliko zote, na hapo ndipo inapomegeka.

Marekebisho yanayotumika sana ni haya: gawanya kina kamili kwa kipeuo cha pili cha (N − 1), kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha 0.3 kwa mpito wa kwanza, cha 1 kwa wa pili, cha 2 kwa wa tatu, na kuendelea. Mipito minane ya M16 inakuwa 0.254, 0.464, 0.656, 0.803, 0.928, 1.037, 1.136, 1.227. Sasa hatua zinashuka taratibu, kutoka 0.254 na 0.210 hadi 0.091 mwishoni. Mimi huiandika orodha hii kwa chaki kwenye kifuniko cha mashine kabla sijawasha, kwa sababu katikati ya kazi hakuna anayekokotoa vipeuo.

Dhana: Mipito mingi zaidi ni salama zaidi.

Ni salama mpaka kisu kinapoacha kukata. Hatua ikiwa ndogo mno kuliko ukali wa makali, kisu kinasugua badala ya kuchonga, joto linapanda, na kwenye chuma kisichoshika kutu uso unakuwa mgumu kiasi kwamba mpito unaofuata unakuta ukuta. Utaijua kwa macho: mashavu yanang'aa kama kioo kilichopakwa mafuta, na kisu hakitoi utepe wa chuma, kinatoa unga. Kwa kazi nyingi sipendi kushuka chini ya mm 0.05.

Kwenye mashine za kompyuta dhana hii ina sura yake. Katika G76, amri ya kukata nyuzi inayoandikwa kwa mistari miwili, wengi wanadhani `Q` ya mstari wa pili ni kina cha kila mpito.

```
G76 P010060 Q050 R0.02
G76 X13.546 Z-30. P1227 Q350 F2.0
```

`Q350` ni kina cha mpito wa kwanza tu, kwa maikroni. Mashine yenyewe inakokotoa inayofuata kwa kipeuo cha pili. Ukitoa mm 0.02 za mpito wa kumalizia, inabaki 1.207. Gawanya kwa 0.35, chukua mraba: karibu 11.9, yaani mipito 12 na mmoja wa kumalizia. Kwa kuwa ni mraba, ukipunguza `Q` nusu, mipito inakuwa mara nne. Mwenye woga akiandika `Q100`, hesabu tupu inadai mipito 146. Kinachomwokoa ni `Q050` ya mstari wa kwanza, hatua ndogo kabisa inayoruhusiwa, ambayo inaikata idadi hiyo hadi 24 hivi. Lakini mipito hiyo ni ya mm 0.05 tangu wa pili mpaka mwisho, kwa hiyo tumerudi kwenye hatua zilizo sawa, na za kusugua juu yake.

Dhana: Gurudumu likisoma 1.227, uzi umekamilika.

Namba hiyo inadhani mzizi wa uzi umekatwa kwa upana wake wa kawaida. Ukinoa kisu mwenyewe kikawa kikali kabisa, mfereji wa kina hichohicho ni mwembamba mno, na nati haiingii hata uisukume vipi. Kisu kikali kinahitaji pichi mara 0.758, yaani mm 1.516 kwa bolti yetu. Tofauti ya karibu mm 0.29 ndiyo inayowafanya watu walaumu nati. Na mpango wa mipito lazima ufuate kina kipya: kwa 1.516 napanga mipito 10, na hatua ya mwisho inabaki kama mm 0.087. Ncha kali ni dhaifu, kwa hiyo hatua ya kwanza, ambayo hesabu inaipa 0.277, naishusha hadi 0.2 na kusambaza iliyobaki kwenye mitatu inayofuata.

Mipito miwili ya mwisho siikati kabla ya kupima kwa waya tatu na maikromita. Kipenyo cha pichi kikizidi kwa mm 0.10, kisu kizame mm 0.05, kwa mpito mmoja. Ukiigawa mara mbili, utakuwa unasugua.