Meneja wa zamu, bawabu na mpishi msaidizi: vyeo vya hoteli vinavyopotoshwa

Bunge la bajeti likianza mwezi Aprili, hoteli za Dodoma hujaa, na wenye hoteli huajiri watu wa ziada kwa mikataba iliyoandikwa chapuchapu. Orodha ya vyeo mara nyingi hutoka kwenye fomu ya Kiingereza, kisha mtu wa ofisini huitafsiri neno kwa neno. Matatizo huanza hapo, na yanayojirudia zaidi ni haya.

Dhana: diuti meneja ni "meneja wa wajibu". Kuna hata waliowahi kuandika "meneja wa ushuru", kana kwamba mtu huyo anafanya kazi forodhani. Ukweli ni kwamba cheo hiki kinataja zamu tu, kama tunavyosema nesi wa zamu au polisi wa zamu. Ni meneja anayeshika hoteli yote wakati meneja mkuu hayupo, hasa usiku na wikendi. Meneja wa zamu linatosha, na kila mfanyakazi analielewa.

Dhana: meneja wa zamu na msimamizi wa zamu ni kitu kimoja. Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu tofauti yao ni mamlaka. Tuseme ni saa tano usiku. Mgeni ameshuka kwenye treni ya Dar es Salaam, amelipia chumba wiki iliyopita, lakini hoteli iliuza vyumba kupita idadi na mgeni aliyetakiwa kuondoka asubuhi ameongeza siku. Hakuna chumba. Meneja wa zamu humtafutia mgeni hoteli nyingine ya hadhi ileile, hoteli yake ikalipa chumba na usafiri, halafu huandika tukio kwenye daftari la zamu ili meneja mkuu alisome asubuhi. Hana haja ya kumwamsha mtu. Msimamizi wa zamu yeye huwapanga wahudumu, hukagua usafi na makabidhiano, lakini kwa jambo kama hili lazima apige simu kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, muulize mwajiri maswali matatu: mtu huyu anaweza kufuta bili, kurudisha fedha, na kumhamisha mgeni kwa gharama ya hoteli bila kuomba ruhusa? Ukijibiwa hapana kwa yote, andika msimamizi, hata kama beji yake inasema meneja.

Suala hili si la heshima peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na asipoyaelewa aelezwe kwa namna atakayoielewa. Sheria hiyohiyo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya saa za ziada, lakini sehemu kubwa ya masharti hayo haiwahusu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mtu wa mapokezi akipachikwa jina la meneja, mwajiri anaweza kujaribu kumnyima saa za ziada kwa kisingizio hicho. Kinachotazamwa na sheria ni kazi anayoifanya, lakini kubishana baada ya miezi kadhaa kunachosha, na mkataba ulioandikwa sawasawa ungeliepusha hilo.

Dhana: su-shefu ni mpishi msaidizi. Kwa masikio yetu, mpishi msaidizi ni yule anayemenya vitunguu na kuosha mchele. Su-shefu ni wa pili jikoni. Mpishi mkuu akienda likizo, yeye ndiye anayepanga zamu za wapishi, kuagiza nyama na mboga, na kukagua kila sahani kabla haijatoka. Chini yake wapo wakuu wa vitengo, mathalani wa nyama choma au wa mikate, na chini ya hao ndio wapishi wanaoanza kazi. Naibu mpishi mkuu ndilo linalomfaa. Ukiliandika "msaidizi" kwenye tangazo la kazi, watajitokeza vijana waliomaliza mafunzo jana, na mwenye miaka kumi jikoni atapita bila kusoma mstari wa pili.

Dhana: konsieji ni bawabu. Kosa hili lina asili yake, kwani kwenye majengo ya makazi Ufaransa mtu wa jina hilo alikuwa mlinzi wa lango. Hotelini hashiki mlango wala hapandishi mabegi. Anakata tiketi, anatafuta gari la kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani, anamtafutia mgeni fundi wa kushona suti iliyochanika. Mhudumu wa mahitaji ya wageni ni jina refu lakini ni la kweli. Isipokuwa hoteli nyingi za hapa hazina mtu huyo kabisa: kazi yake inafanywa na wa mapokezi. Hapo usitafsiri kitu. Ongeza majukumu hayo kwenye maelezo ya kazi ya mapokezi, na cheo kibaki mapokezi.