Washa nyeusi ya maji moto: angalia ni mpira gani

Mteja wangu mmoja hapa Nakuru ana hita ya sola juu ya paa. Mfereji wake wa maji moto ulikuwa ukianza kudondosha kila baada ya miezi michache, ilhali wa maji baridi, wenye washa ya aina ile ile, yaani kile kipande cha mpira kinachozuia maji, haukumsumbua. Nilipoifungua washa ya maji moto niliikunja kwa vidole, ikaonyesha nyufa ndogo ndogo mgongoni na haikurudi sawa. Hiyo ilikuwa naitrili iliyopikwa.

Naitrili ni mpira unaostahimili mafuta. Kwenye pampu ya dizeli hudumu sana. Lakini molekuli zake zina sehemu ambazo oksijeni huzishika kwa urahisi joto likipanda, na kadiri zinavyoshikwa mpira hukauka na kuwa mgumu. Maji ya sola siku ya jua kali yanaweza kupita nyuzi 80, na hapo naitrili huzeeka haraka. EPDM, aina nyingine ya mpira, haina sehemu hizo, kwa hiyo huvumilia maji moto na hata mvuke. Nilimwekea washa ya EPDM.

EPDM nayo ina adui wake: mafuta ya petroli. Mafundi wengi hupaka mafuta ya kujipaka kwenye oringi, ile pete ya mpira, ili iingie kwa urahisi. EPDM huyanyonya, huvimba, na baada ya muda kishikio cha mfereji huwa kizito kuzungusha. Tumia grisi ya silikoni, kidogo tu.

Ukitaka kujua ni mpira gani, kata kipande cha washa ya zamani ukiloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kisha ukilinganishe na kipande kilichobaki kikavu. EPDM itakuwa imevimba waziwazi, naitrili itakuwa karibu vile vile. Kipande hicho utupe, usikirudishe kwenye mfereji.

Kwenye presha kuka hali ni nyingine. Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94, lakini ndani ya sufuria yenye shinikizo la bar moja juu ya hewa ya nje hufika kama 117. Tena githeri ukiikaanga humo humo, mafuta ya kupikia hugusa mpira wa kifuniko. Hapo mimi huchagua silikoni, maana haiwi ngumu wala kupasuka kwa joto hilo, na iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula haitii ladha ya mpira. Udhaifu wake ni kuchanika: ukiuvuta kwa ncha ya kisu umeuharibu. Mvuke nao huilegeza polepole. Ukiona mpira umetanuka hauingii tena kwenye mfuo wake, au mvuke unatoka pembeni ya kifuniko hata baada ya kuosha ukingo, nunua mwingine. Ukienda dukani beba ule wa zamani pamoja na jina la modeli ya sufuria, kwa sababu kipenyo kikilingana lakini unene ukazidi, kifuniko hakitafunga vizuri.