Fomula imekupa 10%. Hiyo 55 ulipewa na nani?

Kijana mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, aliniletea daftari lake la oda za soko la fedha za kigeni pamoja na swali ambalo masikio yangu yameshaota sugu kwa kulisikia: "Kaka, fomula ya Kelly inasema nihatarishe 10% ya mtaji kwa kila oda. Wewe kila siku unahubiri robo ya hiyo. Si woga huo?" Kabla sijafungua mdomo akaongeza kwamba fomula imethibitishwa kihesabu. Ni kweli, imethibitishwa, na mimi sina ugomvi na uthibitisho huo. Ugomvi wangu ni na namba aliyoiingiza ndani yake.

Fomula yenyewe ni hii:

```
f = p - (1 - p)/b
```

Hapo p ni uwezekano wa oda kushinda, b ni unachopata kwa kila shilingi unayohatarisha, na f ni sehemu ya mtaji unayopaswa kuhatarisha ili mtaji ukue haraka kuliko njia nyingine yoyote kwa muda mrefu. Kuhatarisha ni kile unachopoteza bei ikigonga kikomo chako cha hasara. Siyo ukubwa wa loti. Anayechanganya hivyo viwili aishie hapa, akamalize kwanza somo hilo.

Kijana anafanya euro kwa dola, kikomo pipu 20, lengo pipu 20, kwa hiyo b ni 1. Daftari linaonyesha oda 100, ameshinda 55. Basi f ni 0.55 toa 0.45, yaani 10%. Mtaji wa milioni moja, laki moja kwa kila oda. Hesabu yake haina kosa hata kidogo, na ndiyo maana inaniudhi.

Inaniudhi kwa sababu John Kelly, alipoiandika mwaka 1956 akiwa Maabara za Bell, alikuwa akifikiria mcheza kamari anayepokea habari za siri kwa waya wenye makelele, na mcheza kamari huyo *anajua* waya unakosea mara ngapi. Mwanahisabati Edward Thorp alipoipeleka kwenye meza za karata, mambo yalikuwa karibu hayo hayo: deki ina karata 52, zilizotoka umeziona, zilizobaki unaweza kuzikadiria, na p inatokana na deki yenyewe. Kwenye euro na dola hakuna deki. Kuna daftari la kijana, lenye mistari 100.

Mistari 100 inasema nini? Kosa sanifu la asilimia ya ushindi ni kipeuo cha pili cha p mara (1 − p) gawa kwa idadi ya oda. Hapa linatoka karibu pointi 5. Kwa hiyo 55 yake ni 55 yenye pointi 5 huku na 5 kule, na hata nje ya hapo si ajabu. Mtu asiyejua chochote, anayerusha sarafu, ana nafasi ya kutosha kabisa ya kushinda mara 55 kati ya 100.

Sasa chukua p ya kweli kuwa 52.5 badala ya 55. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Fomula ingempa 5%, yeye anahatarisha 10%, yaani mara mbili ya Kelly. Na mara mbili ya Kelly ni mahali maalumu: ukuaji unakuwa sifuri. Ana mfumo unaoshinda kweli, anafanya kazi usiku na mchana, na kwa kawaida mtaji wake hauendi popote zaidi ya kuyumba. Na p ikiwa 50 kamili, kila oda inamla wastani wa nusu asilimia. Baada ya oda 200 milioni yake, kwa matokeo ya katikati, ni kama 366,000. Angehatarisha 2.5%, yaani ile robo aliyoiita woga, angebaki na kama 939,000.

Hapa watu wengi wanaoandika juu ya jambo hili huishia, wakisema: umeona, hujui p, kwa hiyo punguza. Na hapa ndipo ninapokasirika tena, safari hii na watu wa upande wangu, kwa sababu hoja hiyo ikiachwa hivyo haijakamilika.

Tuseme hujui kabisa kama p ni 50 au ni 60, nafasi nusu kwa nusu. Ukihatarisha 10%, kwenye 60 mtaji unakua karibu 1.5% kwa oda, kwenye 50 unapungua 0.5%. Wastani wa hivyo viwili ni 0.5%, ambao ndio ule ule ungepata kama p ingekuwa 55 bila shaka yoyote. Siyo bahati ya namba nilizochagua. Kipimo ambacho Kelly anakikuza hupanda na kushuka na p kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kutojua peke yake, kama kumegawanyika sawasawa pande zote mbili za 55, hakupunguzi f hata senti. Fomula inataka wastani wa imani yako tu. Nimeshawaona matreda wazoefu wakikataa hili kwa sauti kubwa, lakini kalamu na karatasi zinatosha kulithibitisha.

Basi robo inatoka wapi? Inatoka kwenye yale maneno "pande zote mbili za 55". Nani kasema 55 ni katikati? Daftari hilo halikuja kwangu kwa bahati nasibu. Kijana alishajaribu mifumo mingine, ikamtupa, akaiacha. Alileta huu kwa sababu umeonyesha 55. Mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi hapimi gunia kwa kiganja cha juu, maana anajua kilichopangwa juu kimepangwa ili kionekane. 55 ni kiganja cha juu.

Kwa hiyo kabla sijafungua daftari ninajiuliza: mifumo ya watu kama sisi, tunaofanya kwa simu na chati za bure, kwenye jozi ya fedha inayouzwa kuliko zote duniani, huwa na p gani? Jibu langu ni kwamba imejikusanya kuzunguka 50, na mtawanyiko wake ni kama pointi 2.5. Ukichanganya imani hiyo na daftari, kila upande unapewa uzito kulingana na uhakika wake. Mraba wa 2.5 ni 6.25, mraba wa kosa la daftari ni 25. Daftari linapata 6.25 gawa kwa 31.25, yaani moja ya tano. Lilisema pointi 5 juu ya nusu. Tunalikubalia pointi 1. Katikati ya kweli ya imani yangu ni 51, na Kelly ya 51 ni 2%.

Hiyo 2% ni moja ya tano ya 10% yake. Kumbe ile "robo" ya wazee wa soko haikutoka kwenye woga. Ni Kelly nzima, iliyopigwa kwa p ambayo mtu mwenye akili timamu anaiamini baada ya oda 100. Daftari lingekuwa na oda 1,600 zenye 55% ile ile, kosa lingeshuka hadi pointi 1.25 hivi, uzito wake ungepanda hadi nne ya tano, na ningemwambia ahatarishe 8%. Nisingemhubiria robo.

Sasa nikiri kinachonisumbua: ile 2.5 ya mtawanyiko siwezi kuithibitisha. Ningeandika 1.5, kijana angepata chini ya 1%. Ningeandika 4, angepata karibu 4%. Ni hukumu yangu, imevaa nguo za hesabu. Ninachoweza kutetea ni mwelekeo: katikati iko karibu na 50 kuliko daftari linavyodai. Umbali kamili ni ubishi wa watu wazima.

Sababu ya pili nitaipita haraka. Hata p ikijulikana kabisa, nusu ya Kelly hukupa robo tatu ya ukuaji wote kwa nusu ya myumbo. Anayehatarisha Kelly nzima ana nafasi moja kati ya mbili ya kuuona mtaji wake siku moja ukibaki nusu ya ulipoanza. Kwa nusu ya Kelly ni moja kati ya nane. Kwa robo ni moja kati ya 128. Hilo halihusiani na kutojua. Linahusiana na tumbo lako, na mke wako akiuliza pesa iko wapi.

"Lakini kaka, si nitaona tu?" akaniuliza. "Nikianza na 10% nikaona haiendi, napunguza." Hataona. Kutofautisha 55 na 52.5 kwa uhakika wa kawaida kunahitaji kosa la pointi 1.25, yaani zile oda 1,600. Yeye hufanya kama tano kwa wiki. Ni zaidi ya miaka sita, na hapo tunadhani soko litakaa vile vile miaka yote hiyo, jambo ambalo mimi siliamini hata kwa miaka miwili.

Tukarudi kwenye daftari, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja hakuna aliyekuwa amekigusa. Spredi na kamisheni yake, kwa jumla, ni pipu 1 kwa kila oda. Akishinda hapati 20, anapata 19. Akipoteza hapotezi 20, anapoteza 21. Piga hesabu ya mahali pa kutopata wala kupoteza: 19 mara p lazima iwe sawa na 21 mara (1 − p), na p inatoka 52.5. Kwa 55 aliyoiamini yeye, gharama hiyo ya pipu moja inakata ile 10% hadi 5%. Kwa 51 ninayoiamini mimi, fomula inatoa namba hasi, na namba hasi maana yake usiweke kitu.

Angalia basi kilichotokea. Angefuata kanuni yangu ya mazoea, robo ya 10%, angehatarisha 25,000 kwa kila oda kwenye mfumo ambao, kwa imani yangu mwenyewe, unapoteza. Angepoteza polepole, kwa nidhamu. Robo humsaidia mwenye faida ndogo asijiue. Asiye na faida haimpi.

Nilimwambia sifuri. Akae kwenye akaunti ya majaribio aendelee kuandika kila oda, hata zile za aibu, na kila mstari uwe na pipu alizopata baada ya gharama, siyo alama ya tiki au msalaba tu. Akasema atafanya hivyo, kisha akaniuliza kama angalau anaweza kuweka 1% wakati anasubiri. Nikamwambia asome tena ile namba ina alama gani mbele yake.